Sufuria moja, maharage mengine kokoto mengine rojo: tatizo ni maharage, maji au moto?

JikoLaIhumwa

Wapendwa habari zenu. Mimi napika chakula cha mchana kwa mafundi na vibarua hapa Dodoma, sahani kama mia moja na kumi kwa siku. Mboga kuu ni maharage. Napika kilo kumi kwa mpigo kwenye sufuria la lita hamsini, jiko la kuni.

Nilikuwa Iringa kabla ya kuhamia huku na kule sikuwa na shida. Huku maharage yananitesa. Nayaloweka usiku, asubuhi nayaweka motoni, ikifika saa tano sufuria moja hiyo hiyo ina maharage ya aina mbili: mengine yamepasuka na kuwa rojo, mengine ukiyatafuna yanalia meno. Nikiongeza moto ili magumu yaive, yale laini yanageuka uji na chini inashika. Nikitoa mapema, mteja anakuta kokoto kwenye sahani.

Maharage ni ya njano, nanunua gunia kwa muuzaji mmoja. Maji ni ya kisima. Nataka kujua nianzie wapi, maana kila ninayemuuliza ananiambia "weka magadi" na sipendi ladha yake.

Mtoto wa Kisiwandani

Pole dada. Nunua sufuria la presha, maharage dakika ishirini na tano tu yameiva. Mimi tangu ninunue langu sijawahi kuloweka tena.

JikoLaIhumwa

Asante kaka, ila la nyumbani ni la lita saba au kumi. Mimi nina kilo kumi kavu, zikishavimba zinajaza zaidi ya lita ishirini na tano kabla hujaweka maji.

Babu Kilango

Binti, shida yako ni chumvi. Chumvi ikiingia kabla maharage hayajaiva inayakaza, hayalainiki tena hata ukesha. Mama zetu walikuwa wanaweka chumvi mwisho kabisa. Na nyanya vilevile.

MpishiWaBweni

Shikamoo mzee. Kwa nyanya uko sahihi kabisa. Nyanya, ndimu, ukwaju, chochote chenye uchachu kikiingia mapema ganda linakaza na maharage yanasimama hapo hapo. Hivyo ni vya kuungia, maharage yakiwa yameshaiva.

Kwa chumvi mimi naona tofauti. Nimepikia bweni miaka mingi na chumvi naiweka kwenye maji ya kulowekea, kijiko kikubwa kilichojaa wastani kwa kila lita moja na nusu, kisha maji yale nayamwaga. Ganda linakuwa laini na halipasuki ovyo. Jaribu vikombe viwili, kimoja chumvi kimoja bila, utaona mwenyewe.

Dada wa Ihumwa, kabla hatujakwenda mbali naomba unijibu haya:

Kwanza, asubuhi baada ya kuloweka, je, kuna maharage ambayo yamebaki madogo na yanang'aa kama hayakuguswa na maji?

Pili, ukimwaga maharage makavu kwenye ungo juani, rangi ni moja au kuna mengine yamefifia na kuelekea kahawia?

Tatu, birika lako la chai ndani lina utando mweupe mgumu?

JikoLaIhumwa

La kwanza: yapo, ila machache sana. Mengi yamevimba vizuri, na hayo yanayobaki magumu mwishoni yamevimba pia. Hicho ndicho kinachonichanganya.

La pili: nimetoka kuangalia sasa hivi. Kweli, kuna ya njano safi na kuna mengine kama yamepigwa vumbi, yanaelekea rangi ya chai ya maziwa. Sikuwahi kuyatilia maanani.

La tatu: birika limejaa utando. Nakwangua kwa kisu. Sabuni nayo haitoi povu mpaka uweke nyingi.

MpishiWaBweni

Basi una matatizo mawili yamekutana kwenye sufuria moja, na ndiyo maana kila ukirekebisha kimoja kingine kinaharibika.

Maharage magumu yako ya namna mbili na watu wanayachanganya. Kuna yale yasiyonywa maji kabisa. Hayo unayaona asubuhi, madogo na yanang'aa, ganda limefunga. Unaweza kuyaokota na kuyaloweka tena siku ya pili, mengi yatakubali. Halafu kuna yale yanayokunywa maji vizuri, yanavimba, ukiyatazama huwezi kuyatofautisha na wenzake, lakini kwenye moto hayalainiki. Hayo ni maharage yaliyokaa muda mrefu ghalani kwenye joto na unyevu. Ndani yamebadilika, chembe zake zimeshikana na kuachana haziwezi. Kuloweka peke yake hakutakuonyesha. Utayajua kwa kuyapika tu, au kwa rangi kama ulivyoona, maana maharage ya rangi nyepesi yakizeeka yanaiva rangi na kuwa kahawia.

Kwa hiyo nahisi gunia lako lina maharage mapya na ya zamani yamechanganywa. Mapya yanaiva kwa saa moja na kidogo, ya zamani yanataka mara mbili ya hapo. Hakuna moto utakaoyaivisha pamoja.

La pili ni maji. Hilo wenye ujuzi wa maji waje waseme.

Mnada wa Mbozi

Mimi nafanya biashara ya maharage kutoka nyanda za juu kusini, niseme ukweli jinsi magunia yanavyojazwa.

Kule mavuno makubwa yanaingia kuanzia mwezi wa tano hadi wa saba. Wakati huo bei iko chini na maharage ni mapya. Mwenye uwezo anaweka ghalani asubiri bei. Ikifika mwezi wa kumi na mbili, wa kwanza, wa pili, kinachouzwa sokoni ni cha ghalani, na kama ghala ni la bati na liko sehemu ya joto, hapo maharage yamepikwa na bati kwa miezi yote hiyo. Halafu mavuno mapya yakianza kuingia, mabaki ya msimu uliopita hayatupwi. Yanachanganywa kidogo kidogo kwenye mapya ili yaondoke. Rangi ya mapya inayaficha.

Usimlaumu sana muuzaji wako wa hapo Dodoma, huenda na yeye amenunua hivyo hivyo. Ukinunua, usiangalie ya juu ya gunia. Omba bambo lichomwe pembeni na chini, umimine kwenye kiganja juani.

MkaguziMaji

Nimeona swali la utando kwenye birika. Mimi kazi yangu ni ya maji.

Maji ya visima vingi maeneo ya kati ni magumu, yaani yana kalsiamu na magnesiamu nyingi. Hayo madini yanaingia kwenye ganda la maharage na kulifunga lisilegee. Maharage mapya yataiva lakini yatachelewa, ya zamani yatagoma.

Ugumu wa maji nao si wa namna moja. Ule unaoacha utando kwenye birika unapungua kwa kuchemsha. Chemsha maji dakika kama kumi, acha yatulie mpaka yapoe, utaona vumbi jeupe limekaa chini na pembeni. Chota ya juu taratibu, ya chini mwaga. Ugumu mwingine haubanduki kwa kuchemsha, na kama maji yako yana chumvichumvi mdomoni, huenda unao huo pia. Ukiweza kukinga maji ya mvua, hayo hayana ugumu hata kidogo, ila huku kwetu mvua ni ya miezi michache.

Nashauri usifanye lolote kubwa kabla ya kupima. Chukua kikombe kimoja cha maharage, gawa mara mbili, nusu loweka na upike kwa maji ya kisima, nusu kwa maji ya chupa ya dukani. Sufuria mbili ndogo zinazofanana, moto unaofanana. Utajua maji yanachangia kiasi gani.

Chumvi na Magadi

Jamani mnazunguka. Magadi kidogo tu, mambo yameisha. Moshi kote tunaweka.

MpishiWaBweni

Ndugu yangu magadi yanafanya kazi, sikatai. Yanalegeza ganda haraka sana. Ila kwenye gunia lililochanganywa ndiyo yanaharibu kabisa, maana yale mapya ambayo yangeiva yenyewe yanasambaratika kabla ya ya zamani kuguswa. Ndiyo hilo rojo dada analolalamikia. Zaidi ya hapo magadi yakizidi yanaleta ladha ya sabuni na yanaua vitamini B1 ambayo ni moja ya faida za maharage.

Mwanamaabara

Naongeza kitu kwa ndugu wa Moshi. Magadi yetu ya asili yana floraidi, na kiasi chake kinatofautiana sana kutoka mahali hadi mahali. Ukanda wa Kilimanjaro na Arusha maji yenyewe tayari yana floraidi nyingi maeneo kadhaa, na ndiyo sababu ya meno ya kahawia kwa watoto. Kuweka magadi kila siku juu ya maji hayo ni kuongeza mzigo. Mara moja moja kwa mtu mzima sioni shida.

Chumvi na Magadi

Sawa, hilo la meno nalijua na lipo kweli kwetu. Ila makande bila magadi mimi siyaelewi.

Wa Eldoret

Hamjambo. Nimesoma hii yote kwa sababu nina matanga wikendi hii na nimepewa kupika kamande za watu mia mbili hivi. Je, nazo niloweke usiku mzima na chumvi vile mmesema? Mara ya mwisho ziligeuka uji na watu wakala tu kwa sababu ya msiba.

MpishiWaBweni

Pole sana kwa msiba, dada.

Kamande usiziloweke usiku kucha. Ni ndogo, ganda jembamba, zinaiva nusu saa bila kulowekwa. Kinachoziua kwenye sufuria kubwa si moto, ni joto linalobaki baada ya kuzima. Kamande za sahani mbili ukizima jiko zinapoa mara moja. Kilo kumi na tano kwenye sufuria refu ukizizima zinabaki moto sana kwa zaidi ya saa moja, na muda wote huo zinaendelea kuiva ndani zikikandamizana.

Kwa hiyo gawa kwenye sufuria mbili au tatu pana, usijaze moja refu. Weka maji mara tatu ya ujazo wa kamande. Zikichemka punguza moto zitokote pole pole, usikoroge koroge. Dakika ya ishirini anza kuonja. Ukikuta ganda limelegea na katikati bado kuna ukinzani mdogo sana wa jino, epua wakati huo huo na uzichuje. Supu yake itunze pembeni. Tengeneza rojo lako la vitunguu, nyanya na viungo kwenye sufuria nyingine, na kamande ziingie mwisho kabla ya kupakua, na ile supu kidogo kidogo mpaka uzito unaoutaka.

Hakikisha ni kamande nzima zenye ganda. Zile nyekundu zilizopasuliwa zimeumbwa kuwa rojo, hata ufanyeje.

Wa Eldoret

Asante sana. Nilikuwa nazipika pamoja na nyanya kutoka mwanzo kwa sufuria moja ndefu. Nitajaribu hivi. Na ndengu ni vile vile?

MpishiWaBweni

Ndengu zinavumilia zaidi kidogo. Zile za kijani bila kuloweka ni dakika arobaini hivi, ukiloweka saa mbili au tatu zinapungua na zinaiva sawasawa zaidi. Joto linalobaki nazo zinaliogopa.

JikoLaIhumwa

Nimefanya majaribio mliyoniambia, naweka hapa matokeo kama nilivyoyaona.

Nilichukua maharage nusu kilo, nikayamwaga kwenye ungo na kuyachambua kwa rangi. Ya njano safi upande mmoja, yaliyofifia upande mwingine. Yaliyofifia yalikuwa kama robo ya yote, labda zaidi kidogo. Kila kundi nikaligawa mara mbili, nusu maji ya kisima, nusu maji ya chupa. Makopo manne, yote nikayaloweka usiku mmoja. Asubuhi kwa macho sikuona tofauti, yote yamevimba.

Nikapika kwenye vijisufuria vinne vya aina moja, viwili viwili kwenye majiko mawili ya mkaa.

Njano safi kwa maji ya chupa: saa moja na dakika tano yameiva vizuri, ganda zima.
Njano safi kwa kisima: saa moja na dakika arobaini.
Yaliyofifia kwa maji ya chupa: karibu saa mbili.
Yaliyofifia kwa kisima: saa mbili na nusu bado ukiuma unasikia chenga katikati. Nikaacha hapo.

Yaani nilikuwa napika maharage ya saa moja na dakika arobaini na maharage ya saa tatu kwenye sufuria moja. Nimebaki mdomo wazi.

MkaguziMaji

Kazi safi sana dada. Umeona maji peke yake yanakula zaidi ya nusu saa hata kwa maharage mapya. Hizo ni kuni.

Nimekokotoa kwa haraka: kilo kumi unahitaji lita thelathini za kulowekea na kama ishirini za kupikia. Si lazima zote zichemshwe na kutulizwa. Hata hivyo usidharau maji ya kulowekea, maana madini yanaanza kuingia hapo. Kama uwezo ni mdogo, chemsha jioni lita ishirini za kupikia wakati jiko bado lina moto wa kazi ya mchana, ziache zitulie kwenye ndoo mpaka asubuhi. Maji ya kulowekea tumia ya kisima lakini weka chumvi kama alivyosema mpishi. Chumvi inashindana na ile kalsiamu kwenye ganda.

Babu Kilango

Mimi bado sijakubali hiyo ya chumvi. Lakini majaribio ya huyu binti nimeyapenda.

MpishiWaBweni

Mzee wangu, tofauti yetu huenda ni hii: chumvi ya kulowekea inamwagwa, ile ya sufuriani inabaki. Mimi hata ya sufuriani sijaona ikigomesha maharage, ila ganda linachelewa kidogo mwanzoni. Kwa hiyo ukiweka mwisho huharibu kitu.

Dada, sasa kazi inakuwa nyepesi. Nakuandikia kama ningekuwa mimi kwenye jiko lako, chakula kikitoka saa sita na nusu mchana.

Kwanza mpe mtu akuchambulie gunia lote kwa rangi, siku moja, yagawanyike mafungu mawili. Haichukui muda kama unavyodhani, ni kazi ya kukaa na ungo. Ya njano safi ndiyo ya kila siku. Yaliyofifia yapikwe peke yake.

Jioni saa tatu loweka kilo kumi za njano kwa lita thelathini na chumvi, kwenye chombo kipana, na usikifunike kwa plastiki ukakaza. Dodoma si Iringa. Usiku wa joto maharage yakipita saa kumi majini yanaanza kuchachuka. Ukikuta povu jeupe juu na harufu kali, umechelewa. Saa nane zinatosha.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri mwaga maji, suuza, okota yaliyobaki madogo. Weka motoni na maji yapite juu ya maharage vidole vitatu vinne. Sufuria hilo litachukua kama dakika arobaini au zaidi kuchemka. Likichemka liache lichemke kwa nguvu dakika kumi na tano, engua povu. Baada ya hapo vuta kuni. Hili ndilo watu wengi hawafanyi. Maharage hayahitaji kurukaruka ili yaive, maji yakitokota kwa utulivu joto ni lile lile. Yakirukaruka yanagongana na kupasuka ganda, wanga unatoka, unazama chini, ndiyo unashika na kuungua.

Koroga mara chache, kwa mwiko mrefu, ukisugua chini taratibu badala ya kukata katikati. Maji yakipungua ongeza ya moto.

Chumvi na Magadi

Hapo kwenye maji, sisi tunaweka ya baridi makusudi. Yanashtua maharage yanaiva haraka. Mama yangu ndivyo anavyofanya mpaka leo.

MpishiWaBweni

Nimelisikia sana hilo na wapishi ninaowaheshimu wanalifanya. Kwenye chungu kidogo sijui niseme nini, yanaiva. Kwenye lita hamsini ukimwaga lita tano za baridi sufuria linanyamaza robo saa nzima au zaidi, na maganda yanapasuka. Mimi kwa sufuria kubwa siwezi.

Kuonja nako kuna namna. Usichukue harage moja la juu. Chota na kijiko kutoka juu, katikati na karibu na chini, upate kama kumi. Weka moja moja kati ya ulimi na kaakaa ubonyeze bila kutumia meno. Yote kumi yakibonyea, yameiva. Tisa yakibonyea na moja likawa gumu, epua hivyo hivyo, joto la sufuria litalimalizia. Mawili au matatu magumu, ongeza dakika kumi na tano.

JikoLaIhumwa

Na hayo yaliyofifia? Gunia zima ni kama kilo ishirini na tano zitatoka hizo. Siwezi kutupa.

MpishiWaBweni

Usitupe. Hapo sasa ndipo magadi yana kazi yake, ndugu wa Moshi atafurahi. Pika kilo tano peke yake, maji yaliyochemshwa na kutulizwa. Magadi nusu kijiko cha chai kwa kila kilo ya maharage makavu, yayeyushe kwenye kikombe cha maji moto, mchanga ukae chini, mimina ya juu tu. Weka kwenye maji ya kupikia mwanzoni. Yakianza kulegea yaangalie kila baada ya dakika kumi, maana yakishakubali yanakimbia. Hayo yatoe kama maharage mazito ya kuponda na kuunga na tui au karanga, mteja hatarajii punje nzima.

Fundi Jiko Kapu

Naomba niingie. Mimi natengeneza vikapu vya kutunza joto. Dada akiweka maharage yake kwenye kapu tangu saa nne usiku na maji ya moto, asubuhi anakuta yameiva bila kuni hata moja. Hata kuchemsha hakuna haja, maji ya moto ya chupa ya chai yanatosha.

Mwanamaabara

Hapana ndugu, hapo pana hatari na lazima niseme. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoharibika kwa kuchemka kweli kweli. Yakikaa kwenye maji ya moto yasiyochemka, tuseme nyuzi sabini au themanini, yanaweza kulainika na sumu ikawa bado ipo, na hata kuongezeka nguvu. Mtu anatapika na kuharisha ndani ya saa chache. Vibarua mia moja na kumi wakipata hivyo siku moja ni janga.

Kapu lenyewe ni zuri. Sharti maharage yawe yamelowekwa, maji ya kulowekea yamemwagwa, na yamechemka kwa nguvu jikoni. Dakika kumi ndiyo chini kabisa, kwa sufuria kubwa mimi naweka nusu saa. Baada ya hapo ndiyo yaingie kapuni. Tena yakitoka asubuhi yachemshwe tena.

Fundi Jiko Kapu

Nimekuelewa. Wateja wangu wengi wanachemsha kwanza, ila hilo la sumu nitaanza kuwaambia wazi. Asante.

Mtoto wa Kisiwandani

Kumbe. Je, la presha lina usalama huo?

Mwanamaabara

Ndiyo, joto lake linapita la kuchemka kwa kawaida. Hapo huna wasiwasi.

JikoLaIhumwa

Nimerudi. Nimepika kwa utaratibu wa mpishi, njano safi tu, maji niliyochemsha jana na kuyatuliza. Chini ya ndoo kulikuwa na unga mweupe kama chokaa, sikuamini kwamba hayo ndiyo nilikuwa nayapikia.

Yalianza kuchemka saa kumi na mbili na robo. Saa moja na nusu yalikuwa yamebonyea yote kumi. Nikashtuka maana mapema mno. Nikavuta moto wote, nikayaacha yakae humo humo mpaka saa nne ndiyo niunge. Nilipofunua, ya chini yalikuwa yameanza kupondeka. Si kama zamani, ila yapo. Hakuna gumu hata moja.

MpishiWaBweni

Hongera. Hiyo ya chini ni joto lililobaki, lile nililomwambia dada wa Eldoret kuhusu kamande. Maharage yana uvumilivu zaidi lakini saa mbili na nusu kwenye sufuria la lita hamsini ni nyingi. Una njia mbili. Anza kuwasha saa moja na nusu baadaye, ulale zaidi. Au yakiiva yagawe kwenye ndoo za chuma au beseni pana tatu nne pamoja na supu yake, wazi, yapoe. Usiyachuje yakakauka, ganda linapasuka likipigwa na upepo.

Hii ya kugawa ni muhimu pia ukipikia kesho. Sufuria kubwa lililofunikwa likiachwa usiku halipoi, ndani linabaki vuguvugu mpaka asubuhi na maharage yanachacha hata kama uliyafunika vizuri. Yapoe ndani ya saa mbili, yaingie kwenye friji. Humo siku tatu hadi nne hazina neno. Friza ni miezi.

JikoLaIhumwa

Nitachelewesha kuwasha. Kuni pia zimebaki, fungu ambalo lilikuwa linaisha kila siku leo limebaki karibu theluthi.

Mnada wa Mbozi

Swali kwa wajuzi. Mimi natunza kwenye mifuko ile isiyopitisha hewa, wadudu hawaingii kabisa. Je, inazuia na huu ugumu?

MpishiWaBweni

Wadudu inawazuia vizuri. Ugumu, mimi nilichoona ni kwamba joto ndilo mkosaji mkubwa, na mfuko haupoozi joto. Yaliyokaa kwenye mfuko huo chini ya bati la joto bado niliyakuta magumu, labda kwa kiasi kidogo kuliko ya gunia la kawaida. Siwezi kusema zaidi.

Mwanamaabara

Unyevu nao unachangia, kwa hiyo yakiingia mfukoni yakiwa makavu sawasawa ni nafuu. Ila hata mimi ningependelea ghala la tofali lenye kivuli kuliko mfuko wowote kwenye kontena la chuma.

Mnada wa Mbozi

Sawa. Basi dada wa Ihumwa, kwa gunia lijalo, kwangu au kwa mwingine yeyote, omba kilo moja ya kuonja kabla ya kulipa. Loweka usiku, pika asubuhi kwa maji uliyoyatuliza, angalia saa. Likipita saa moja na nusu, lirudishe. Mimi mteja akiniomba hivyo nampa, na mwezi wa sita kuna njano mpya inashuka kutoka Mbozi, nitakuwekea kilo hiyo moja uipime.

JikoLaIhumwa

Nimeandika. Mwezi wa sita nitakutafuta humu humu, na nitakuja na saa.